Chumba, Kamera na Kitambulisho: Masharti ya Mtihani Usimamiwao kwa Mbali, kwa Mtahiniwa wa Nachingwea na Ruangwa

Tangu maradhi ya korona yalipofunga vyumba vya mitihani duniani mwaka 2020, umeenea utaratibu ambao hapo zamani ulikuwa wa wachache, nao ni wa mtahiniwa kukaa chumbani mwake, mbele ya kompyuta yake mwenyewe, akasimamiwa na mtu aliye katika mji mwingine au bara jingine, amwonaye kwa kamera na kumsikia kwa kipaza sauti. Mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, mtihani wa GRE utakwao na vyuo vingi vya Marekani, na mitihani ya vyeti vya kompyuta iendeshwayo na kampuni ya Pearson VUE kwa programu yake iitwayo OnVUE, yote hupatikana kwa njia hii. Na kwa mwalimu wa Nachingwea au karani wa hesabu wa Ruangwa, ambaye zamani hakuwa na budi kupanda basi hadi Dar es Salaam, akalipa nauli, chakula na malazi ili akafanye mtihani wa saa mbili au tatu, jambo hili ni faraja kubwa, wala si la kudharauliwa. Lakini masharti ya mtihani wa namna hii yaliandikwa na watu waliokuwa wakifikiria chumba cha aina nyingine: chumba chenye dari, chenye mlango wa mbao unaofungika, chenye umeme usiokatika na waya wa intaneti uliotoka ukutani. Basi suala tunalotaka kulichambua hapa ni hili, kwamba katika nyumba ya kawaida ya wilaya hizi mbili ni masharti yapi yatimizikayo bila taabu, yapi yatimizikayo kwa tadbiri, na yapi ambayo mtu mwenye busara hatajaribu kuyatimiza nyumbani kabisa.

Yafaa kwanza kufahamu kwamba hakuna hata sharti moja katika hayo lililowekwa kwa ajili ya kumtesa mtahiniwa. Hila zinazohofiwa ni nne: mtu mwingine kuketi kwa jina la mtahiniwa, mtu aliye karibu kumnong'oneza majibu, karatasi au simu iliyofichwa karibu na mkono, na mtu wa mbali kuiendesha kompyuta yake kwa siri. Kitambulisho kimewekwa kwa ajili ya hila ya kwanza, mlango na masikio kwa ajili ya pili, ukaguzi wa meza kwa ajili ya tatu, na programu maalumu ifungayo kila kitu kingine kwenye kompyuta kwa ajili ya nne. Msimamizi hana macho ila hicho kitundu kidogo cha kamera, na kila asichokiona kwa hicho amefundishwa kukitilia shaka. Anayelielewa hilo hatakariri masharti kama dua. Atajiuliza kila mara ni shaka gani aliyonayo mtu wa upande wa pili, na vipi ataiondoa kwa vitu alivyonavyo.

Tuanze na mtandao, maana hapo ndipo mitihani mingi huharibika. Waendeshaji wa mitihani hutaja kasi ya megabiti kadhaa kwa sekunde, na mtahiniwa hupima kwenye simu yake, akaona megabiti 15, akatulia. Utulivu huo hauna hadhari. Kasi inayoonyeshwa kwa herufi kubwa ni ya kupakua, ilhali mtihani wenyewe ni maneno machache na picha chache. Mzigo mzito ni ule wa kupakia, yaani picha yako na sauti yako ziendazo kwa msimamizi bila kupumzika. Megabiti moja kwa sekunde, ikienda saa nzima, ni kiasi cha megabaiti 450. Kwa hiyo mtihani wa saa mbili na nusu wenye mzigo wa megabiti moja unakula zaidi ya gigabaiti moja kwa kupakia peke yake, na bando lisilofika gigabaiti 3 si bando la kuanzia safari hiyo. Fauka ya hayo, kasi si kitu ikiwa haina uthabiti, kwa kuwa mtandao wa megabiti 3 usiokatika ni bora mara nyingi kuliko wa megabiti 20 unaozimika kwa sekunde 10 kila baada ya robo saa. Kupima uthabiti huo hakuhitaji programu ya kununua. Kwenye kompyuta ya Windows hufunguliwa dirisha la amri na kuandikwa hivi:

```
ping -n 600 8.8.8.8
```

Kompyuta itabisha hodi mara 600, kiasi cha dakika 10, kisha mwishoni itatoa hesabu ya hodi ngapi zimepotea na jibu lilichukua milisekunde ngapi. Zikipotea mbili tatu, si neno. Zikipotea 20 au 30, hasa zikiwa zimefuatana, mahali hapo au saa hiyo haifai. Na nasema saa hiyo kwa makusudi, maana kipimo cha saa nne asubuhi ya Jumanne hakina ushahidi juu ya saa mbili usiku wa Jumamosi, wakati mji mzima umefungua video. Pima siku ileile ya wiki na saa ileile, walau kwa wiki mbili kabla ya kulipia.

Katika Nachingwea na Ruangwa watu wengi hupata intaneti kwa laini ya simu, na njia iliyozoeleka ni kuwasha hotspoti ya simu na kuunganisha kompyuta. OnVUE inawaonya watahiniwa wasitumie hotspoti, na onyo hilo lina sababu ambayo mtu huielewa siku inapompata. Palipo na mtandao wa 4G ambao hauchukui sauti, simu inapopigiwa hushuka yenyewe hadi 3G au 2G ili ipokee mwito, na data hukatika au kudhoofika kwa muda huo. Basi shangazi akikupigia kukutakia heri katikati ya swali la kumi, ndiye atakayeukata mtihani wako. Dawa yake ni rauta ndogo ya laini, yenye laini yake peke yake isiyopigiwa na mtu, ikawekwa karibu na dirisha lielekealo mnara, na kuunganishwa na kompyuta kwa waya wa mtandao. Ukiweza, weka laini ya kampuni nyingine akiba katika rauta ya pili, iliyokwisha kuwashwa na kujaribiwa.

Umeme nao una mambo yake. Kwa miaka mingi Lindi na Mtwara zililishwa na mtambo wa Mtwara unaotumia gesi ya Mnazi Bay, nje ya gridi ya taifa, na wenyeji wanajua vema maana ya hitilafu katika mfumo wa namna hiyo. Kompyuta mpakato yenye betri nzuri huvumilia kukatika kwa umeme, lakini rauta haivumilii. Kwa hiyo kitu kidogo kinachosahauliwa, yaani betri ya akiba ya kulisha rauta, ndicho kiokoacho mtihani. Tena kuna kukatika kusikotokana na TANESCO: mita ya Luku iliyoishiwa yuniti. Nimesikia habari ya mtu aliyejiandaa kwa miezi na akasahau kununua umeme wa shilingi elfu tano. Angalia mita jioni ya kuamkia mtihani.

Juu ya kompyuta yenyewe sitasema mengi, kwa kuwa kila mwendeshaji hutoa programu ya kuipima, na matokeo yake husema wazi. Ila hadhari mbili ni lazima. Ya kwanza ni kwamba kompyuta ya kuazima kutoka halmashauri au shuleni aghalabu imefungwa na mtaalamu wake, haikubali programu mpya bila nywila ya mwenye mamlaka, na ukuta wake wa usalama huzuia mawasiliano ambayo mtihani unayahitaji. Itapita kipimo cha awali Ijumaa na kugoma Jumamosi. Ya pili ni programu za kuendesha kompyuta kwa mbali, kama AnyDesk na TeamViewer, ambazo fundi aliyekutengenezea kompyuta mwaka jana huenda aliziacha humo. Kwa macho ya msimamizi, hizo ni ile hila ya nne yenyewe. Ziondoe kabisa, kuzifunga hakutoshi.

Sasa tuingie chumbani. Sharti linasema mtahiniwa awe peke yake, katika chumba kilichofungwa, na katika mitihani kadhaa mlango uonekane kwenye kamera au uonyeshwe kabla ya kuanza. Nyumba nyingi za kwetu zina sebule iliyo njia ya kila mtu, na vyumba ambavyo mlango wake ni pazia. Pazia si mlango: halifungiki, na upepo ukilitikisa msimamizi huona kivuli kikipita. Kadhalika katika nyumba isiyo na dari ukuta wa kati huishia chini ya paa, na mazungumzo ya chumba cha pili huingia kana kwamba wasemaji wako nawe. Kwa masikio ya msimamizi, hiyo ni sauti ya mtu wa pili chumbani, wala hana njia ya kujua kwamba ni mama mkwe anayezungumza na jirani juu ya bei ya korosho. Mvua ya Februari juu ya bati, hasa katika mtihani wenye sehemu ya kusikiliza na kusema, huzima kila kitu. Na kuanzia Oktoba hadi Desemba, wakati wa minada ya korosho ya chama kikuu cha RUNALI, kinachounganisha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, malori hupita mchana na usiku katika mitaa ambayo miezi mingine ni kimya.

Kwa hiyo uchaguzi wa chumba ni pamoja na uchaguzi wa majira na saa. Tuseme mwalimu wa Nachingwea, mwenye nyumba ya vyumba vitatu, anataka kufanya TOEFL nyumbani. Sebule ina mwanga mzuri lakini haina mlango. Chumba cha watoto kina pazia. Chumba chake cha kulala kina mlango wa mbao wenye komeo, dirisha moja lielekealo mashariki, na kitanda. Wengi hudhani kitanda chumbani ni kosa. La, kosa ni kukaa juu yake: mtahiniwa hukaa kwenye kiti, na kompyuta na kibodi huwa juu ya meza. Basi atachagua chumba hicho, atasogeza kitanda upande mmoja ili uvungu wake uonekane kwa kamera, na ataondoa vitabu, kalenda yenye maandishi, na redio. Miezi ya Juni hadi Septemba mvua hakuna na minada haijaanza. Saa za asubuhi mapema, kabla mji haujaamka kikamilifu, mtandao huwa mwepesi, na adhana ya alfajiri imekwisha kupita. Watu wa nyumbani wanaweza kwenda kanisani, msikitini au shambani kwa muda huo. Na kama hawawezi, mtu mzima mmoja akae nje ya mlango, si kwa ajili ya kuwanyamazisha watoto tu, bali kuwazuia wageni, maana kwetu mgeni haandiki barua kwamba anakuja.

Na hapa niseme jambo moja juu ya saa, ambalo limewapotezea watu ada kamili. Ratiba ya mtihani husoma 14:30 au 2:30 PM, nayo kwetu ni saa nane na nusu mchana; lakini mtu aliyezoea kuhesabu saa tangu jua lichomozapo, akiona 2:30 bila kutazama herufi zinazoifuata, yamkini ataandaa chumba kwa saa mbili na nusu ya usiku, au ya asubuhi yake. Tena ukurasa wa kuchagua nafasi huweza kuonyesha saa za nchi nyingine, ikiwa kompyuta imewekwa katika ukanda usio wetu. Hakikisha imeandikwa saa za Dar es Salaam au Nairobi, yaani saa tatu mbele ya UTC, kisha uandike kwa Kiswahili kwenye karatasi ya ukutani, ambayo utaiondoa kabla ya kuanza.

Tufike kwenye kamera, sehemu ambayo naiona ina elimu nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kamera ya kompyuta mpakato ikiwa mezani hutazama kutoka chini kwenda juu, ikaonyesha kidevu, pua na mabati ya paa. Inua kompyuta juu ya kitu imara hadi kamera iwe sawa na macho, kaa kiasi cha urefu wa mkono mmoja mbali nayo, na picha ionyeshe uso mzima, mabega na sehemu ya juu ya kifua, ili mtu akitazama kando au akiinama ijulikane. Ikiwa kibodi ya kompyuta imepanda juu mno kwa mikono, kibodi ya nje yenye waya huondoa taabu hiyo, mradi mwendeshaji hajaikataza. Mtihani wa Duolingo, ambao hausimamiwi na mtu wakati ule ule bali hurekodiwa na kukaguliwa baadaye, hutaka pia simu iwe kamera ya pili, imewekwa kando ili ionyeshe mikono, kibodi na skrini kwa pamoja. Kwa hiyo simu hiyo iwe na kishikio, iwe na chaji, na izuiwe isipokee miito.

Lakini mahali pa kamera bila mwanga si kitu. Kamera hizi hupima mwanga wa picha nzima na kujirekebisha kwa wastani wake, si kwa uso wako. Ukikaa dirisha likiwa nyuma, kamera huona weupe mwingi, ikajifunga, na uso ukawa kivuli cheusi. Hilo watu wanalijua. Wasilolijua ni kwamba ukuta uliopakwa chokaa nyeupe nyuma ya mtu mwenye ngozi nyeusi hufanya jambo lilelile, ingawa kwa kiasi kidogo: ukuta hung'aa, kamera hupunguza, na macho na mdomo hupotea. Basi meza ielekezwe ili dirisha liwe mbele au mbele kidogo kando, na ikiwa mtihani ni wa usiku, taa iwe mbele ya uso, juu ya skrini kidogo, wala isiwe balbu moja ya kati ya chumba ambayo hutia vivuli chini ya nyusi. Nguo au shuka ya rangi ya wastani, isiyo na maandishi, ikitundikwa ukutani nyuma, husaidia kuliko chokaa tupu. Kwa mwalimu wetu mwenye dirisha la mashariki, meza ataiweka ili alielekee dirisha kwa pembe, lakini jua la asubuhi lisipige uso moja kwa moja, maana nusu ya uso ikiwa kwenye jua na nusu kivulini ni vibaya sawasawa na giza. Pazia jepesi jeupe hulainisha mwanga huo. Kisha ajirekodi dakika mbili kwa kamera ileile, saa ileile, na aitazame rekodi: ikiwa mboni ya jicho inaonekana mbali na weupe wake, mwanga unatosha.

Nalitilia mkazo jambo hili kwa kuwa si la urembo. Baadhi ya programu hazitegemei macho ya mtu tu. Zinatafuta uso kwa hesabu, na zisipouona humsimamisha mtahiniwa au kumwandikia alama ya shaka. Mwaka 2022 mwanafunzi mmoja mweusi wa Chuo Kikuu cha VU cha Amsterdam alilalamika kwamba programu ilishindwa kumtambua, hata ikambidi ajimulike uso kwa taa. Taasisi ya Haki za Binadamu ya Uholanzi, katika kauli yake ya Desemba 2022, iliona dalili za ubaguzi zitoshazo kukitaka chuo kikanushe. Oktoba 2023 ikaamua kwamba chuo kimetoa ushahidi kuwa taabu zake hazikutokana na rangi yake, lakini kilikosa katika namna kilivyoyapokea malalamiko yake. Mimi nasoma uamuzi huo hivi: haki ya mtu mweusi mbele ya kamera hailindwi na matumaini, inalindwa na ushahidi. Mtahiniwa wa Ruangwa ambaye amejirekodi kabla, na ana picha ionyeshayo uso uliomulikwa vizuri, anayo hujja ambayo yule asiyejirekodi hana.

Kitambulisho ndicho kinachowaangusha watu wakiwa wamekwisha kushinda mengine yote. Sharti ni asili, si nakala. Kiwe na picha. Kisiwe kimepitwa na muda. Na jina lililo juu yake lifanane na jina la usajili. Katika wilaya zetu wako watu wengi wenye namba ya NIDA, zile tarakimu 20, lakini kadi yenyewe hawajaipata au hawanayo mkononi. Na namba iliyochapwa karatasini, ingawa inafungua akaunti ya benki na kusajili laini, kwa msimamizi wa ng'ambo si kitambulisho. Wako pia wenye kadi za mwanzo zilizochapwa tarehe ya ukomo. Serikali iliondoa ukomo huo mwaka 2023, na kadi hizo kwetu ni halali; lakini msimamizi hasomi matangazo ya Dodoma, anasoma tarehe iliyo mbele yake, na tarehe imepita. Kwa sababu hizi pasipoti ndiyo salama kuliko vyote, na baadhi ya mitihani ina orodha ya kila nchi isemayo ni kitambulisho gani kinachokubaliwa. Isomwe hiyo kabla ya kulipa. Pasipoti haipatikani kwa wiki moja, kwa hiyo anayekusudia kufanya mtihani mwezi Agosti aianze mapema katika mwaka.

Majina nayo yana fitina yake. Cheti cha shule kinasema Mohamedi, pasipoti inasema Mohamed; cheti kinasema Hadija, kadi inasema Khadija; na jina la babu limeandikwa mahali pamoja, limeachwa mahali pengine. Kanuni ni moja: usajili ufuate kitambulisho utakachokishika mkononi siku hiyo, herufi kwa herufi, na si cheti wala namna unavyojiita. Sehemu ya jina la mwisho ijazwe kama pasipoti ilivyoandika jina la ukoo, na yaliyobaki yaingie katika jina la kwanza. Marekebisho hufanywa kwa kuandikia ofisi ya mtihani siku kadhaa kabla. Asubuhi ya mtihani msimamizi hana idhini ya kurekebisha chochote.

Siku yenyewe, OnVUE hufungua mlango wa kuingia dakika 30 kabla, na humtaka mtahiniwa apige picha ya uso wake, ya kitambulisho, na picha nne za chumba: mbele, nyuma, kulia na kushoto. Ikiwa kitambulisho kinaonyeshwa kwa kamera ya kompyuta badala ya simu, kuna siri ndogo. Kamera hizo nyingi hazina uwezo wa kubadili umbali wa kuona vizuri; ukikikaribisha kitambulisho mno, maandishi hutiwa ukungu, na ukizidi kukikaribisha ukungu huzidi. Kirudishe nyuma hadi kiasi cha sentimita 25 au 30, kishike kwa ncha za vidole bila kufunika pembe, na ukiinamishe kidogo ili mng'ao wa plastiki usiue picha. Usihangaike ukiona maandishi yamegeuka kinyume kwenye skrini yako. Huko kwa msimamizi aghalabu yanasomeka sawa.

Kisha hufuata ukaguzi wa meza na chumba. Msimamizi wa TOEFL au GRE humtaka mtahiniwa aizungushe kamera polepole aonyeshe kuta nne, sakafu chini ya meza, na uso wa meza. Halafu kwa kioo cha mkono, au kwa simu itakayowekwa mbali baadaye, aonyeshe skrini yake na kingo zake, mahali ambapo kamera iliyo juu ya skrini haiwezi kujiona, na ambapo mtu mwerevu angebandika karatasi ndogo. Neno polepole lishikwe kwa dhati. Katika mtandao wa laini, picha inayozunguka haraka husagika na kuwa madoa, msimamizi haoni kitu, naye hukuagiza urudie, na kila kurudia ni dakika zako na wasiwasi wako. Zungusha kana kwamba kuna glasi ya maji juu ya kompyuta. Duara zima lichukue karibu nusu dakika, na katika kila pembe usimame kidogo. Waya wa chaji uwe mrefu au uchomolewe kwanza, na baada ya kurudi mahali pake hakikisha umechomekwa tena na chaji inaingia. Juu ya meza kusibaki ila kilichoruhusiwa, nacho kwa mitihani hiyo miwili ni ubao mdogo mweupe wa kufutika au karatasi ndani ya mfuko wa plastiki wazi, na kalamu yake. Karatasi ya kawaida hairuhusiwi kwa kuwa haiwezi kufutwa mbele ya kamera mwishoni.

Masikio nayo hukaguliwa, kwa ajili ya visikizio vidogo vya kuficha. Katika pwani na bara yake, ambako wanawake wengi huvaa hijabu au ushungi, jambo hili linataka adabu na maandalizi: mtahiniwa aandikie ofisi ya mtihani mapema, aulize ukaguzi utafanywaje na kama msimamizi mwanamke anapatikana, na ahifadhi jibu. Kulizungumza kwa mara ya kwanza mbele ya kamera, na saa inakwenda, ni kumtia kila mmoja katika dhiki.

Mtihani ukianza, tabia ambazo ni za kawaida kwetu huwa makosa. Kusoma swali kwa sauti ya chini, kujifunika mdomo kwa kiganja wakati wa kufikiri, kutazama juu pembeni kutafuta neno, kuinuka kufunga dirisha. Kila kimoja kati ya hivyo huonekana upande wa pili kama dalili ya ile hila ya pili au ya tatu. Mtahiniwa afanye mazoezi ya kukaa saa mbili akiikabili kamera, na mtu wa nyumbani amwangalie.

Liko swali la haki pia, maana kamera hii inaingia ndani ya nyumba ya watu. Agosti 2022 mahakama ya shirikisho ya Ohio, Marekani, ilihukumu kwamba Chuo Kikuu cha Cleveland State, kilicho chuo cha serikali, kilivunja haki ya mwanafunzi kwa kukagua chumba chake cha kulala kwa kamera kabla ya mtihani. Hukumu hiyo haitufungi sisi, na mtihani wa kampuni binafsi ni mkataba ambao mtu huukubali kwa kubonyeza kitufe. Lakini nasi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ibara ya 16 ya Katiba juu ya faragha ya mtu, nyumba yake na jamaa zake. Mtahiniwa anaweza kukubali nafsi yake irekodiwe. Hana idhini ya kuwakubalia mkewe, wazazi wake na watoto wake. Basi picha za familia ziondolewe ukutani, nyaraka za kabati zifunikwe, na watu wa nyumbani wajulishwe.

Na yako mazingira ambayo naona nyumbani hapafai. Ikiwa kipimo cha mtandao kimeshindwa mara tatu kwa saa uliyoitaka, au hakuna chumba chenye mlango katika nyumba yako wala ya jamaa, nauli ya kwenda Dar es Salaam kwenye kituo ni rahisi kuliko ada iliyopotea. Wako pia ambao hawatakuwa na hiari: chama cha wahasibu cha ACCA, kilichoruhusu mitihani ya mbali tangu wakati wa korona, kilitangaza Desemba 2025 kwamba kuanzia Machi 2026 kitaiacha isipokuwa kwa sababu maalumu, kwa kuwa hila zimezishinda njia za kuzizuia. Yule karani wa hesabu wa Ruangwa anarudishwa barabarani kwa makosa ambayo si yake. Ofisi moja yenye dari, mlango, betri na waya wa intaneti katika chuo au maktaba ya kila wilaya, ikikodishwa kwa saa, ingemfaa yeye na wenzake wa TOEFL kuliko ushauri wote huu, na gharama yake si ya kuitisha halmashauri.

Hata mwenye kujiandaa vema, mtandao unaweza kumkata. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Tanzania yote ilidorora, na hakuna rauta ya akiba ambayo ingemfaa mtu siku hiyo. Ukikatika, usiondoke kwenye kiti wala usichukue simu. Ifungue programu upya, rudi kwenye foleni, na umwambie msimamizi saa uliyokatika. Usiporudishwa, andika siku hiyohiyo kwa ofisi ya mtihani: namba ya usajili, saa ya kukatika na ya kurudi kwa saa za Dar es Salaam, matokeo ya vipimo ulivyoviweka wiki mbili zilizotangulia, na tangazo la TANESCO au la kampuni ya simu kama lipo. Omba namba ya shauri, na kila barua inayofuata ianze na namba hiyo.